Mdogo wangu kakataliwa kazi Dodoma kwa sababu anasema "kalibu"

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Mdogo wangu, mzaliwa wa Mvumi, aliitwa usaili wa kupokea simu za wateja kwenye kampuni moja hapa mjini. Akapewa karatasi asome: "Karibu, ndugu mteja. Tatizo lako litarekebishwa leo." Akasoma "Kalibu", akasoma "litalekebishwa". Msaili akamkatisha: "Binti, hiyo lafudhi ya kijijini, wateja hawatakuamini." Swali la kazi yenyewe hakuulizwa hata moja.

Hawatakuamini! Hakusema hawatakuelewa, maana alijua wazi kwamba kila neno limeeleweka.

Lugha yetu ya nyumbani, Kigogo, haina sauti ya r. Hata Kristo kwenye Biblia yetu ni Kilisito. Mtoto aliyekua akisikia l tupu, sikio lake halikuzoea kuzitenga hizo mbili, na hilo halihusiani na akili wala bidii. Watafiti walishaonyesha hukumu ya namna hii inatoka wapi. Mwaka 1960 Wallace Lambert na wenzake walichapisha utafiti wa Montreal, Kanada. Watu wanaomudu Kifaransa na Kiingereza walirekodiwa wakisoma maandishi yale yale kwa lugha zote mbili, na wasikilizaji hawakuambiwa kuwa ni msomaji yule yule. Aliposoma Kiingereza walimwona ana akili zaidi, anategemeka zaidi, hata mrefu zaidi! Na Wafaransa wa hapo hapo Kanada nao waliishusha sauti ya Kifaransa. Baadaye Howard Giles akatumia njia hiyo kwa lafudhi za Kiingereza kule Uingereza, na wasikilizaji wakazipanga kwa madaraja vilevile. Yaani sikio linapima kabila na tabaka la msemaji, halafu linajidanganya kwamba limepima uwezo wake.

Fundi Redio: Pole mkuu, ila tusidanganyane. Kuna Kiswahili sanifu na matamshi ni sehemu yake. Siku ya uchaguzi utatangaza "matokeo ya kula"?

Mama Kondoa: Na mimi mwanangu yuko ingilishi midiamu, wenzake wanamcheka anavyotamka Kiingereza. Kuna mwalimu wa twisheni wa lafudhi hapo mjini?

Mama, pole na mtoto, lakini hapa tunaongelea Kiswahili chetu wenyewe.

Mwalimu Mstaafu: Fundi, umegusa ukweli nusu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na kazi yake kubwa ilikuwa tahajia, msamiati na sarufi. Matamshi ya watu hayakusanifishwa. Nenda pwani ukawasikilize wazee: paa la nyumba wanalitamka bila pumzi, paa mnyama wa porini wanampa p yenye mvumo wa pumzi. Tahajia yetu haionyeshi tofauti hiyo, na watu wengi wa bara, pamoja na wasaili wa ofisini, hawaitamki. Tukiwapima kwa kipimo cha huko Kiswahili sanifu kilikochotwa, wanaanguka. Mbona hakuna anayewanyima kazi?

Kuhusu kula na kura, ukisema "nimepiga kula" hakuna atakayedhani umekula ugali. Munro na Derwing, mwaka 1995, waliwasikilizisha wenyeji wa Kiingereza sauti za Wachina wakizungumza Kiingereza, wakawaambia waandike walichosikia. Mara nyingi waliandika sahihi kabisa, halafu bado wakasema lafudhi ni nzito. Lafudhi nzito na kutoeleweka ni mambo mawili.

Lakini ndugu mleta uzi, nawe usifunge macho. Simuni kuna mahali r na l zinaleta hasara kweli, kwa mfano jina la mteja, ambapo sentensi haikusaidii kubahatisha. Hapo mfanyakazi anafundishwa kumtajia mteja herufi moja moja. Kipimo cha haki kingekuwa kumpigia mtu simu, binti amsomee taarifa na majina, kisha tuone yule mtu ameandika nini.

Fundi Redio: Hapo kwenye majina nakubali. Kwa mtangazaji wa habari bado nataka r.

Mwalimu, asante. Hicho kipimo hakikufanyika, na ndicho kinachoniuma. Nimemwambia aandike barua kudai sababu za kukataliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila na wa mahali mtu alikotoka.

Mwalimu Mstaafu: Inakataza, lakini lafudhi haikutajwa kwa jina, na mwajiri anaruhusiwa kuweka sharti ambalo kazi yenyewe inalidai. Watajificha hapo hapo. Itabidi waonyeshe kwamba r ni sharti la kweli la kazi hiyo.

Basi na waonyeshe. Kuna mwanasheria humu aliyewahi kuona shauri la namna hii likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi?