Mlinganyo ni kamili lakini jibu langu halirudi, nakosea wapi?

Mtoto_wa_Isevya (Tabora)
Wakuu, naomba ushauri. Swali ni (2xy + 3)dx + (x² − 4y)dy = 0, y ikiwa 2 pale x ni 1. Nimepima: ∂M/∂y = 2x na ∂N/∂x = 2x, kwa hiyo mlinganyo ni kamili. Nikaintigreti M kwa x nikapata x²y + 3x = C, na C ikatoka 5. Nikilidifrenshieti jibu hilo, −4y haionekani popote. Imepotelea wapi?

Gungu_Kigoma
Umeacha kuintigreti N. N inatoa x²y − 2y². Jumlisha na ulichonacho: 2x²y + 3x − 2y² = C.

Mwl_Ujiji
Gungu, −2y² ni sawa, ila x²y umeihesabu mara mbili. Difrenshieti jibu lako kwa x, utaona linatoka 4xy + 3, wakati M ni 2xy + 3.

Mdogo wangu wa Isevya, kosa liko kwenye hiyo C. Unapointigreti kwa x, y imeshikwa kama namba tu, kwa hiyo chochote chenye y peke yake kinaweza kuwa kimejificha hapo. Usiandike C, andika g(y):

F = x²y + 3x + g(y)

Sasa idifrenshieti kwa y, uilinganishe na N: x² + g′(y) = x² − 4y. Zile x² zinafutana, inabaki g′(y) = −4y, basi g(y) = −2y². Jibu ni x²y + 3x − 2y² = C, na ukiweka 1 na 2 unapata 2 + 3 − 8 = −3.

Hapo kwenye kufutana pawe ndipo macho yako yalipo. x ikibaki ndani ya g′(y), simama: ama umekosea kuintigreti, ama mlinganyo haukuwa kamili.

Mama_Katubuka
Wangu ni y dx − x dy = 0. Napata 1 na −1. Nikiweka jumlisha katikati si itakubali?

Mwl_Ujiji
Itakubali, mama, ila utakuwa umejibu swali jingine, lenye jibu xy = C. Ile alama ya kutoa ni mali ya N. Gawanya kote kwa x², x isiwe 0: (y/x²)dx − (1/x)dy = 0. Sasa pande zote zinatoa 1/x², F ni −y/x, yaani y = Cx.

Mtoto_wa_Isevya
Asante mwalimu, nimeiona. Niishie hapo au nitafute y?

Gungu_Kigoma
Ishia hapo. Jibu la namna hiyo ni jibu halali.

Mwl_Ujiji
Ni halali, ila wewe umepewa sharti la kuanzia, mimi ningemalizia: y = (x² ± √(x⁴ + 24x + 24))/4. Pale x = 1 kipeuo ni 7. Jumlisha inatoa 2, kutoa inatoa −3/2. Chukua jumlisha peke yake.

Gungu_Kigoma
Kama swali halijasema "tafuta y", mimi bado ningeiacha.

Mama_Katubuka
Mwalimu, hiyo x² ya kugawia umeijuaje? Nimejaribu y² nayo imekubali.