Maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta: nile nini?

Mama wa Wete: Assalamu alaykum. Nina mtoto wa miezi mitano. Ijumaa iliyopita nilikula biriani harusini, na ilipofika saa nne za usiku nikashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi nyuma ya bega, nikakaa kitako nimejikunja kwa muda wa saa mbili mpaka yalipotulia. Hii ni mara ya tatu. Dawa za vidonda vya tumbo hazikunisaidia, na sasa nimeambiwa huenda ni vijiwe vya nyongo, nifanye ultrasaundi Jumatatu. Je, niache kula mpaka siku hiyo?

Mvuvi wa Tumbe: Waalaykum salaam. Hivyo ni vijiwe, dada yangu. Acha mafuta yote, kisha unywe kikombe cha mafuta ya zeituni na limau usiku, asubuhi utaviona vinatoka, vya kijani.

Bi Shamba: Mimi vijiwe vyangu vya figo vilitoka kwa kunywa maji mengi. Jaribu.

Muuguzi Mstaafu: Bi Shamba, mkojo una njia yake na nyongo ina njia yake, maji hayaviondoi hivi. Nawe Mvuvi, kupunguza mafuta ni sawa, lakini vile vya kijani huwa ni sabuni iliyofanyika tumboni kwa mafuta yale yale, na kikombe kizima hukikamua kifuko cha nyongo kwa nguvu, hata kijiwe kikaweza kusukumwa na kuziba njia. Mwanangu, usiache kula, kwa kuwa nyongo isiyotumika hukaa na kuwa nzito. Kula kidogo kidogo: samaki wa kuchemsha badala ya wa kukaanga, na mchuzi uutie tui la pili, lile jepesi, uache tui zito. Chakula hakiyeyushi vijiwe, ila hupunguza kushikwa. Kabla ya kipimo ndipo ufunge saa sita hadi nane, kwa sababu ukila kifuko hunywea na vijiwe havionekani vizuri. Nikuulize: umepata homa? Macho yako na mkojo vina rangi gani?

Mama wa Wete: Homa sina. Mkojo tangu jana umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Nilidhani ni uchache wa maji. Mume wangu ameniangalia macho dirishani, anasema weupe wake una umanjano.

Muuguzi Mstaafu: Basi usingoje Jumatatu. Huenda njia ya nyongo imeziba, na ikiingia homa ya kutetemeka hali hugeuka haraka. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama maumivu yametulia, na uwaeleze habari ya mkojo kabla ya habari ya tumbo. Usile kitu njiani, maana huenda wakahitaji kukupima au kukutibu leo.

Mvuvi wa Tumbe: Na kama ni upasuaji, unafanyika huku Pemba au lazima avuke Unguja?

Muuguzi Mstaafu: Hilo wataamua wao wakishamwona.

Mama wa Wete: Tunatoka. Mtoto ninakwenda naye, ananyonya.