Chumvi ya mawe, kloridi ya kalsiamu au mchanga: kipi kinafaa mbele ya nyumba baridi ikizidi?

Mgeni_wa_Baridi (Minnesota)
Habari zenu wakuu. Huu ni msimu wangu wa pili huku na bado barafu inanishinda. Jumatatu usiku ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri. Nilimwaga mfuko mzima wa chumvi ya mawe, kilo 20, pale gari linapoingilia. Asubuhi nimetoka, chumvi iko juu ya barafu kama kokoto, haijafanya lolote, na mimi nimeteleza nikaangukia kiwiko. Jirani anatumia kloridi ya kalsiamu, ni ghali kweli. Mwingine anamwaga mchanga tu. Nichukue kipi? Na kwa nini mwezi uliopita chumvi hiyohiyo ilifanya kazi vizuri?

Dereva_Winnipeg
Pole mkuu. Chumvi inayeyusha kwa sababu inatoa joto ikigusa barafu. Ikizidiwa na baridi, joto lake halitoshi, basi. Nunua kalsiamu. Halafu kemia yenyewe inasema hivyo: chumvi inavunjika vipande viwili ndani ya maji, kalsiamu inavunjika vitatu. Vitatu ni zaidi ya viwili.

MwalimuKemia (Mwanza)
Dereva, umepatia nusu. Kalsiamu inatoa joto kweli, ukiitia kwenye kikombe cha maji utalisikia mkononi. Chumvi ya kawaida haitoi. Chukua ndoo ya barafu iliyopondwa, tia chumvi, koroga, tumbukiza kipimajoto: kitashuka chini ya sifuri, nyuzi 10 na zaidi. Barafu inayeyuka na wakati huohuo inazidi kuwa baridi, maana joto la kuyeyukia inalivuta kutoka kwake yenyewe na kwa kilichoigusa.

Kinachotokea ni hivi. Pale barafu inapokutana na maji, kuna molekuli zinazochomoka kwenye barafu na nyingine zinazorudi kujipanga. Kwenye sifuri zinalingana. Ukitia chumvi, zinazochomoka hazipungui, ila upande wa maji sehemu ya nafasi imechukuliwa na chembe za chumvi, kwa hiyo zinazorudi ni chache. Barafu inapungua mpaka baridi iongezeke kiasi cha kusawazisha tena. Na maji hayajali chembe ni za nini, yanajali ni ngapi. Sukari nayo ingeyeyusha, ila kilo ya sukari ina chembe chache mno.

Sasa hiyo ya vitatu kwa viwili. Hesabu kwa kilo, si kwa kipande. Kilo moja ya chumvi ina kama moli 17, moli ni kipimo cha kuhesabia chembe, na kila moja inatoa moli mbili za ioni, yaani vile vipande, jumla 34. Kilo ya kalsiamu, hata ikiwa kavu kabisa, ina moli 9, mara tatu ni 27. Kumbe kwa uzito chumvi ndiyo yenye chembe nyingi! Hesabu hii inakaa sawa maji yakiwa na chumvi kidogo. Yakikolea, ioni zinaanza kuingiliana na kalsiamu inafidia, mwisho zinakaribiana.

Mgeni_wa_Baridi
Sasa mwalimu, kama zinakaribiana, kwa nini ya jirani imeyeyusha na yangu imelala?

MwalimuKemia (Mwanza)
Tupige hesabu ya kwako. Tuseme ni mita 40 za mraba na barafu ya milimita 3. Hiyo ni kama kilo 110 za barafu. Kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, kilo moja ya chumvi inaweza kuyeyusha kilo 12 hivi, kwa hiyo kilo 9 zingetosha. Huo ndio mwezi wako uliopita. Kwenye 17, kilo moja haifikishi hata 4. Ungehitaji kilo 27 na zaidi, wewe ulikuwa na 20.

Na hapo nimekuhesabia ukiipa muda wote inaoutaka. Chumvi kavu haianzi kazi mpaka ipate maji kidogo ya kuyeyukia, na katika baridi ile, usiku, bila jua wala matairi, maji hayo hayapo. Kalsiamu inavuta unyevu wa hewani yenyewe na kujipasha. Tena ina nafasi chini: maji ya chumvi, hata uyakoleze vipi, hayavuki nyuzi 21 chini ya sifuri bila kuganda, ya kalsiamu yanafika karibu 50.

Bi_Zuhura (Tanga)
Mwalimu shikamoo. Mimi nauza samaki. Nikitia chumvi kwenye barafu ya boksi, samaki watakaa zaidi? Maana mnasema inaongeza baridi.

MwalimuKemia (Mwanza)
Marahaba mama. Watapoa haraka, ila barafu itakwisha mapema, na wanaogusana nayo wataganda ngozi na kuharibika sura. Kwa safari ndefu acha barafu tupu.

Fundi_wa_Barafu (Mombasa)
Kwenye kiwanda cha barafu nilichofanya kazi, maji ya chumvi yasiyoganda ndiyo yaliyokuwa kwenye tangi letu. Makopo ya maji yasiyo na chumvi yamezama ndani ya maji ya chumvi yaliyopoozwa mpaka kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Yaliyo ndani ya kopo yanakuwa jiwe, ya nje yanazunguka tu. Siku kopo moja lilipotoboka, bonge lake halikuganda vizuri, katikati likabaki uji. Ndivyo tulivyojua maji ya chumvi yameingia.

Mama_Duluth
Mimi niko miaka 11 hapa. Mnahesabu kuyeyusha barafu yote, nani anafanya hivyo? Chumvi ni ya kuiachanisha barafu na sakafu. Inatoboa matundu, maji ya chumvi yanapita chini, halafu unabandua kwa koleo. Bora zaidi, nyunyiza maji ya chumvi kabla theluji haijaanza, isishike kabisa. Magari ya barabarani ndivyo yanavyofanya, mistari ile myeupe mnayoiona lami ikiwa kavu. Na pima joto la sakafu, usiangalie la hewani kwenye simu. Ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri mimi chumvi naiweka stoo, namwaga mchanga. Hauyeyushi chochote ila hauangushi mtu.

Dereva_Winnipeg
Mchanga theluji ikianguka tena umefunikwa, unaanza upya. Na unaziba mitaro.

Mama_Duluth
Unafagilika. Chumvi ikishaingia ziwani huitoi. Watu wa mazingira wa jimbo la Minnesota wanasema kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua galoni 5 za maji. Sasa fikiria kilo 20.

Dereva_Winnipeg
Kwa joto nimekubali nilikosea. Lakini kalsiamu nayo ni kloridi vilevile, kwa ziwa nafuu iko wapi?

MwalimuKemia (Mwanza)
Kwa kilo, ikiwa kavu kabisa, ina kloridi nyingi hata kuliko chumvi. Nafuu ni kama utamwaga kidogo, na watu wengi hawamwagi kidogo.

Mgeni_wa_Baridi
Asanteni. Leo sakafu ilikuwa nyuzi 6 chini ya sifuri. Nimetumia vikombe viwili vya chumvi ileile, nikasubiri nusu saa, nikabandua vipande vikubwa kama sahani. Baridi ya 17 chini ya sifuri nitaweka mchanga, kalsiamu nitaitia kwenye ngazi tu. Ila zege la ngazi limeanza kumenyeka juu, linatoka unga. Ni chumvi, au ni maji yanayoingia ndani na kuganda? Jirani anasema ni chumvi, aliyejenga anasema ni baridi.