Tupeane uzoefu: maneno yanayozunguka muhuri wa duara mnayachapaje, na mnatajaje yanasomeka kuelekea wapi?

MtafsiriMoro

Wakuu, habari za jioni. Mimi natafsiri vyeti: vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule. Maandishi yaliyo kwenye mistari hayanipi shida. Mihuri ndiyo inanichelewesha. Maneno yamezunguka ukingoni, nami inabidi niyashushe kwenye mstari mnyoofu, halafu wateja wa nje wanataka niseme na mwelekeo wake. Huwa naandika hivi:

[Muhuri wa duara, wino wa buluu. Ukingo wa juu, kushoto kwenda kulia: "JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA". Ukingo wa chini, kushoto kwenda kulia: "OFISI YA MTENDAJI WA KATA". Katikati: tarehe na sahihi.]

Sasa mhakiki mmoja amenirudishia kazi. Anasema "kushoto kwenda kulia" naiandika kila mahali, kwa hiyo haimwambii kitu, maana neno lolote ukiligeuza likae sawa litasomeka kushoto kwenda kulia. Wenzangu mnaandikaje?

FundiMihuri254

Hiyo ni rahisi, boss. Kwa CorelDRAW chora duara, andika maneno yako, kisha nenda `Text` halafu `Fit Text to Path`. Maneno ya chini yaandike peke yake, usiyaunge na ya juu, kisha bonyeza `Mirror Text Horizontally` na `Mirror Text Vertically` ndiyo yageuke yasomeke. Kwa Word, tumia `Text Effects`, `Transform`, halafu chini ya `Follow Path` uchague upinde. Mimi niko Nairobi, nafanya hii kazi kila siku.

MtafsiriMoro

Asante fundi, ila mimi sitengenezi muhuri. Wangu umeshapigwa kwenye karatasi, nausoma tu na kuuandika.

SarafuZaZamani

Mhakiki wako ana hoja. Mimi naorodhesha sarafu, na sisi huku tunataja mambo mawili: maneno yanazunguka upande gani, na miguu ya herufi imeelekea wapi, ndani kwenye kitovu au nje kwenye ukingo.

Chukua shilingi ya Afrika Mashariki ya enzi ya Mfalme George wa Tano, ile iliyoanza 1921. Upande wa kichwa pameandikwa GEORGIVS V REX ET IND:IMP:. Maneno yanazunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, miguu yote ndani. Ni mstari mmoja. Herufi za juu zimesimama, zinazoteremka kulia zinalala, na mstari kama huo ukifika chini kabisa herufi zinakuwa kichwa chini. (Na hiyo V iliyokaa pahali pa U iache ilivyo, wala usimalizie IND:IMP: kwa kichwa chako. Andika kilichochongwa, maelezo yaje baadaye.)

Mihuri yetu mingi ya ofisi haiko hivyo. Maneno ya juu yanakwenda na mshale wa saa, miguu ndani. Ya chini yamegeuzwa: yanaanzia kushoto, yanapita chini, yanaishia kulia, na unayasoma bila kuzungusha karatasi. Hapo mwelekeo ni kinyume cha mshale wa saa, na miguu iko nje. Lakini iko pia mihuri ambayo maneno ya chini hayakugeuzwa, yanaendelea tu na mzunguko wa juu. Hizo ndizo aina mbili anazozitaka mhakiki wako.

Kipimo ni kimoja: acha karatasi kama ilivyo. Ya chini yakisomeka, miguu iko nje. Yakiwa kichwa chini, miguu iko ndani.

KaraniWaKusini

Mbona mnajichosha? Miguu ikiwa ndani, mwelekeo ni wa saa. Ikiwa nje, ni kinyume. Siku zote. Kwa hiyo ukitaja kimoja umeshataja na cha pili, vyote viwili ni kurudia tu. Mimi hata sitaji miguu. Naandika "kuanzia saa tatu hadi saa tisa, mwelekeo wa saa" na nimemaliza.

BintiUnguja

Kaka Karani, hiyo "siku zote" yako ni ya herufi za Kirumi. Njoo huku Unguja uone mihuri ya vyuo vya Kurani. Mfano nilio nao hapa: juu Kiarabu, chini Kiswahili. Kiarabu cha juu kimesimama vizuri, miguu ndani, lakini kinaanzia kulia na kwenda kushoto kwa sababu ndivyo kinavyosomwa. Kwa hiyo miguu iko ndani na mwelekeo ni kinyume cha mshale wa saa. Kiswahili cha chini nacho kinaanzia kushoto, miguu nje, na ni kinyume cha saa vilevile. Mistari yote miwili inazunguka upande mmoja, miguu tofauti. Kwa kanuni yako ungemwambia msomaji kwamba Kiarabu kinasomwa kutoka kushoto.

Na kuchapa: kiandike Kiarabu kwa mpangilio wake wa kawaida, herufi ya kwanza kwanza. Kompyuta itakipanga yenyewe. Nimeshapokea kazi mtu kaziandika herufi kutoka ya mwisho ili "zifuate" muhuri, zikaungana vibaya, neno halisomeki. Pia kipe mstari wake peke yake. Ukikichanganya na Kiswahili, mabano na tarakimu zinarukaruka.

KaraniWaKusini

Sawa dada, kwa Kiarabu umenishika. Ila saa tatu hadi saa tisa nabaki nayo.

MtumwaWaSkana

Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, mkuu. Mimi kazi yangu ni kuweka alama kwenye picha za hati, nachora mstari kufuata maneno na kutaja yanaanzia wapi. Wenzangu wako nchi mbalimbali. Wewe ukisema saa tatu una maana mshale mfupi uko kwenye 9, yaani kushoto. Ni sahihi kabisa, maneno ya juu huanzia huko. Lakini anayesoma tafsiri yako kwa Kiingereza anaona 3, yaani kulia. Na tofauti hiyo ya saa sita ni nusu duara kamili. Sasa fuata maelezo yako kwa macho yake: anza kulia kwenye 3, zunguka na mshale wa saa, pita chini, ishia kushoto kwenye 9. Maneno yako ya juu yamehamia chini na yamekaa kichwa chini. Maelezo yenyewe hayana kosa la kuonekana, hivyo hakuna atakayeshtuka.

Sisi tulikubaliana kutaja namba iliyochapwa kwenye uso wa saa ya ukutani, "kutoka namba 9 hadi namba 3", na neno "saa" halitumiki kwa mahali. Au andika tu kushoto, juu, kulia.

MtafsiriMoro

Hii ya saa sikuwahi kuifikiria. Sasa niulize kuhusu mihuri iliyofifia. Ninao mmoja hapa, ukingo wa chini zimebaki herufi nne tu zinazoonekana: OSHI. Karatasi sijaigeuza, zinasomeka. Ni miguu nje, sivyo?

SarafuZaZamani

Hapana, bado huwezi kusema. Igeuze karatasi juu chini uone: O inabaki O, S inabaki S, H inabaki H, I inabaki I. Kundi hilo lina H, I, N, O, S, X na Z. Hazina miguu ya kukuonyesha. Unachojua ni kwamba ikiwa miguu iko nje ni OSHI, na ikiwa iko ndani ni IHSO. Neno ndilo linakuelekeza kwenye OSHI, na kabla yake pengine palikuwa na M. Tafuta mabaki ya hiyo M. Ikiwa ncha ya katikati inashuka kuelekea ukingo, ni M na miguu iko nje. Halafu kuza picha uangalie S: katika maandishi mengi ya kuchapwa, tumbo la chini ni kubwa kidogo kuliko la juu. Kwenye wino uliotapakaa usiitegemee sana.

Ukikosa vyote andika "[M?]OSHI" na useme mwelekeo umekisiwa kutokana na neno.

FundiMihuri254

Sasa nimewaelewa. Basi niongeze ya upande wangu. Kama una raba yenyewe mkononi na si karatasi, kila kitu kiko kinyume: herufi za kioo, na maneno ya juu yanazunguka kinyume cha saa. Ukiambiwa uandike mwelekeo, uliza kwanza ni wa raba au wa alama iliyopigwa. Na ile mihuri mikavu ya kubonyeza karatasi ikavimba, mtu akiskani upande wa nyuma utaona hivyohivyo.

Kuna kitu kingine watu hawajui. Maneno ya chini yaliyogeuzwa hayakai kwenye duara lilelile la ya juu. Ya juu yanasimama juu ya mstari na vichwa vinatoka nje. Ya chini vichwa vinaingia ndani, kwa hiyo nisipolipanua duara lake kwa kimo cha herufi, yatalalia maandishi ya katikati. Kijana wangu anayetengeneza nembo za tovuti anaandika hivi:

```
<path id="juu"   d="M 20,100 A 80,80 0 0 1 180,100"/>
<path id="chini" d="M 8,100 A 92,92 0 0 0 192,100"/>
```

Ile 1 kabla ya namba mbili za mwisho inazunguka na saa, 0 inazunguka kinyume. Na 92 dhidi ya 80 ndiyo nafasi ya herufi.

MtafsiriMoro

Nimepata. Nimeuandika upya ule wa juu, mniambie kama kuna kilichopungua:

[Muhuri wa duara, alama ya wino wa buluu. Ukingo wa juu, kushoto–juu–kulia, mwelekeo wa mshale wa saa, miguu ndani: "JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA". Nyota kushoto na kulia. Ukingo wa chini, kushoto–chini–kulia, kinyume cha mshale wa saa, miguu nje: "OFISI YA MTENDAJI WA KATA". Katikati: tarehe, sahihi imepita juu ya tarehe.]

KaraniWaKusini

Ndefu mno. Cheti chenye mihuri mitatu kitakula ukurasa mzima. Mimi nadhani muhuri wa kawaida ungeachwa bila mwelekeo, utaje ule wa ajabu tu.

BintiUnguja

Na nani anaamua upi ni wa ajabu? Kwangu mimi wenye Kiarabu ndio wa kawaida.

MtumwaWaSkana

Kabla hatujaachana: muhuri ambao maneno yamezunguka duara zima, mstari mmoja, hakuna juu wala chini, mnaanzia wapi kuandika?

SarafuZaZamani

Baada ya nyota, msalaba au nukta. Ndiyo alama ya mwanzo. Isipokuwepo, naanzia kushoto chini.

FundiMihuri254

Mzee, hiyo nyota usiiamini hivyo. Nikishapanga maneno ya mteja, pahali palipobaki wazi ndipo naweka nyota. Jina likiwa fupi naweka mbili, moja kati ya maneno, mradi duara lijae.

SarafuZaZamani

Kwenye sarafu hawafanyi hivyo.

FundiMihuri254

Kwenye duka langu tunafanya.