Naomba ushauri: waliojisajili semina ya kuku hawaingii, na barua pepe za baadaye hazijibiwi

Habari zenu wakuu. Nipo Tabora mjini, nafundisha ufugaji wa kuku chotara. Mwezi uliopita niliandaa semina ya mtandaoni ya muda wa saa moja, kuanzia saa 2 usiku, kuhusu kulea vifaranga wiki nne za mwanzo.

Mwaliko niliutuma siku saba kabla, kichwa chake "Karibu semina ya ufugaji bora". Walijisajili 64, wakaingia 19. Kukumbusha nilikumbusha mara moja tu, asubuhi ya siku yenyewe, na kiungo nilikiweka chini kabisa ya barua. Kesho yake wote 64 niliwatumia barua moja yenye bei ya kozi, Sh 40,000. Wakalipa wawili, wote walikuwa wamehudhuria. Hapo nadhani nilikosea, maana asiyenisikia nilimtajia bei kabla hajaonja somo.

Sasa nimeandika kichwa kipya: "Vifaranga wanakufa wiki ya pili? Angalia joto na chanjo ya siku ya 7".

Naombeni mnisaidie mawili. Wasiohudhuria niwatumie kwanza rekodi nzima, au kipande cha dakika kumi kwa wenye bando dogo? Na bei niitaje barua ya ngapi?