Dole gumba la yule bwana litanitoa roho

Kunguru_Mchana:
Wakuu, simtaji jina. Kila mmoja wenu anaye yule bwana wake wa kupiga picha majedwali. Wangu leo kaleta jedwali la mistari 42. Mkono mmoja umeshika simu, wa pili umekandamiza karatasi, na dole gumba limejilaza kwenye safu ya idadi kama mbuzi aliyeshiba. Kivuli cha mkono kimekula nusu ya ukurasa, ungedhani jua limepatwa.

Nikamwomba kistaarabu apige tena. Jibu lake, mbele ya kundi zima: "Picha ni safi, macho yako ndiyo mabovu."

Macho yangu!

Nikaongeza kontrasti, kivuli kikageuka wino. Nikahangaika hadi usiku, mwishowe nikapata programu ya kusafisha, ukurasa ukawa mweupe pee. Nikatoa jedwali, nikatuma. Karatasi ina jumla 6,318, yangu 5,901. Nani kaulizwa mbele ya kundi? Mimi, mwenye macho mabovu.

Bwana_Haraka:
Uzi mzima kwa ajili ya kidole 😂 Kontrasti hukuipandisha vya kutosha. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe tupu, basi.

DadaVipimo:
Haraka, nyeusi na nyeupe ni sawa, ila si mwanzoni. Mkuu, gusa pikseli za picha yako uone. Tuseme karatasi penye mwanga ni 210 na wino uliofifia hapo ni 100. Ndani ya kivuli karatasi ni 95, wino 45. Sasa nipe kizingiti kimoja kitakachotenganisha. Hakipo, kwa sababu karatasi ya kivulini ni nyeusi kuliko wino wa kwenye mwanga. Kontrasti inavuta vyote kwa pamoja, haiwezi kuvitenga.

Dawa ni kugawanya. 100 kwa 210 ni kama 0.48, na 45 kwa 95 ni 0.47. Wino unarudi kuwa wino mmoja. Unakadiria karatasi tupu ingeonekanaje, kisha unaigawia picha:

```python
import cv2
import numpy as np
g = cv2.imread("jedwali.jpg", 0)
d = cv2.dilate(g, np.ones((15, 15), np.uint8))
bg = cv2.medianBlur(d, 51)
safi = cv2.divide(g, bg, scale=255)
```

Hiyo 15 lazima izidi unene wa herufi zako, la sivyo wino mnene unahesabiwa kuwa karatasi na herufi zinatoboka katikati.

Kunguru_Mchana:
Dada, ndicho kilichofanywa na ile programu! Mbona jumla haifiki? Na mbona macho yangu yatukanwe?

DadaVipimo:
Kwa sababu dole si kivuli. Kivulini namba zipo, chini ya dole hakuna kitu. Na dole ni pana, kwa hiyo hesabu ileile inalidhania kuwa karatasi ya rangi nyingine, inalipausha. Unabaki na seli nyeupe zinazofanana kabisa na seli zisizojazwa. Fungua picha ya awali, siyo iliyosafishwa, uhesabu dole limekalia mistari mingapi.

Kunguru_Mchana:
…mitatu. Ya 17, 18 na 19. Zote zimetoka tupu.

Kobe_Mzee:
Kwa hiyo macho yalikuwa mabovu kweli 🤣🤣

Mama_Rejista:
Afadhali wewe una dole. Wangu anakunja karatasi mara mbili, anaitia mfukoni, ndipo anapiga picha. Nimejaribu hiyo kugawanya, mkunjo umezidi kukolea! 12500 inatoka 12 kwenye safu moja na 500 kwenye nyingine.

DadaVipimo:
Lazima ukolee, mama. Kivuli cha mkunjo ni chembamba kama mstari wa kalamu, kwa hiyo kinachukuliwa kuwa wino, na mtoa jedwali anaona mpaka wa safu. Mipaka ya safu mwekee mwenyewe kwa mkono. Kama mistari pia imepinda pale kwenye mkunjo, kata picha hapo na unyooshe kila kipande kwa pembe zake nne, maana zile ni bapa mbili zenye mielekeo tofauti. Akipiga tena, taa ikae upande ambao mwanga unatembea sambamba na mkunjo. Mwanga ukiukata mkunjo, unaangusha kivuli.

Bwana_Haraka:
Awekee kioo juu, karatasi inyooke.

Mama_Rejista:
Nilishaweka. Nikapata picha ya taa na dari, namba zimo ndani ya mng'ao.

Kobe_Mzee:
Wangu anapiga picha ya skrini ya kompyuta, mnasema nini kuhusu ile mistari ya mawimbi?

Kunguru_Mchana:
Jamani, uzi wangu! 6,318 toa 5,901 ni 417. Niijaze wapi?

DadaVipimo:
Ingekuwa seli moja tupu, 417 ingekuwa jibu, mradi zile nyingine umezisoma sawa. Zikiwa tatu, hiyo ni jumla yao tu. Usigawe kwa kubahatisha, mwombe apige tena.

Kunguru_Mchana:
Nimemwomba. Kaleta. Safari hii ni kidole cha shahada.

Kobe_Mzee:
Mawimbi ya skrini jamani, hakuna anayejua?