Tarehe ya kuzaliwa imepinduka kwenye rekodi ya maombi

Zuhura:
Habarini za jioni. Juzi nimepata barua ya ofa. Leo nimefungua rekodi yangu ya maombi nikakuta nimezaliwa 7 Machi 1991, nami ni wa 3 Julai. Nilijaza 03/07/1991 kwa mazoea, kumbe fomu yao inatanguliza mwezi. Wiki ijayo wanaanza kukagua taarifa zangu. Nisubiri nikianza kazi ndipo niwaambie watu wa rasilimali watu, au niwaandikie sasa? Na niandikeje nisionekane mzembe?

Bakari:
Usiandike lolote, dada. Ingia kwenye akaunti yako, badilisha, hifadhi, kwisha habari. Mimi nilibadilisha namba ya simu hivyo hivyo na hakuna aliyeuliza.

Mama Neema:
Bakari mwanangu, kwa namba ya simu sawa. Nimekaa ofisi ya ajira miaka tisa, na tarehe ya kuzaliwa ni jambo jingine. Akaunti ni yako, lakini fomu uliyokwisha kuituma mara nyingi hubaki kama ilivyokuwa siku ile. Zuhura akibadilisha kimya kimya, ofisi itakuwa na tarehe mbili za mtu mmoja. Mkaguzi atapelekewa ile ya zamani, atamtafuta mtu wa Machi, kisha atarudisha jibu kwamba taarifa hazilingani na pasipoti. Hapo kosa la kidole linaanza kufanana na udanganyifu.

Zuhura, andika leo, na usitume maombi mapya, maana utawazidishia rekodi. Wala usione haya. Kosa hili huwapata waliozaliwa kati ya tarehe 1 na 12. Wa tarehe 25 fomu humkatalia palepale, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25.

Mimi ningeandika hivi, wewe uigeuze kwa lugha ya ofisini kwao. Kwenye kichwa weka "Marekebisho ya tarehe ya kuzaliwa", jina lako kamili na namba ya maombi. Halafu:

"Habari. Kwenye maombi yangu tarehe ya kuzaliwa inasomeka 7 Machi 1991. Tarehe sahihi, kama ilivyo kwenye pasipoti yangu, ni 3 Julai 1991. Nilipojaza fomu nilitanguliza siku badala ya mwezi. Naomba mrekebishe rekodi hiyo, pamoja na taarifa zitakazokwenda kwa wakaguzi na kwenye mkataba, kisha mnijulishe ikikamilika. Pasipoti nitaionyesha kwa njia mtakayoelekeza."

Mwezi uuandike kwa herufi. Ukiwarudishia 03/07 umewatega tena. Samahani moja inatosha, na hata hiyo si lazima.

Hamisi:
Shikamoo mama. Mimi pia yamenikuta. Pasipoti inasema 1990, cheti cha kuzaliwa 1988, na ukweli ni 1988. Niwaombe waniwekee 1988?

Mama Neema:
Marahaba. Lako si kosa la kuandika, Hamisi. Nyaraka zako zenyewe zinagombana, na ofisi ya ajira haiwezi kuamua ugomvi huo. Watafuata pasipoti unayofanyia kazi. Anza kwa waliokupa pasipoti, kisha ndipo uje kwa mwajiri.

Farida:
Mimi ningeambatisha picha ya pasipoti moja kwa moja. Ofisi niliyokuwa hawakugusa kitu mpaka waione, nikapoteza siku nne.

Halafu nina la jina. Letu lina ng', kama Nyang'oro, na mfumo umekula ritifaa. Nalo niliandikie?

Mama Neema:
La picha tutofautiane tu. Barua pepe husambazwa kwa watu usiowajua, ndiyo maana nasubiri waniambie niipakie wapi.

La jina, tazama ile mistari miwili ya alama chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti. Hapo ritifaa huachwa, utakuta NYANGORO. Rekodi ikisomeka hivyo, mimi nisingehangaika. Ikisomeka Nyagoro, herufi imepotea, andika siku hiyohiyo. Na uangalie pia kama jina la ukoo limekaa kwenye nafasi ya jina la kwanza. Hilo wengi hawalioni kwa sababu herufi zote zipo.

Bakari:
Nimekoma. Ila kwenye akaunti yangu wameruhusu kubadilisha tarehe, sasa waliiweka ya nini?

Zuhura:
Mrejesho: nilituma jana asubuhi, saa nane mchana wakajibu kwamba rekodi imerekebishwa, bila swali lolote. Leo imekuja fomu ya wakaguzi ikiwa imejazwa tayari, na bado inasema Machi. Nimewatumia wakaguzi maneno yaleyale, ofisi ya ajira nikaiweka kwenye nakala. Nasubiri.

Mama Neema:
Usisaini hiyo fomu mpaka ibadilike.